Taski ya kipaumbele cha juu inakwama nyuma ya skrini: bodi ya mtambo wa barafu inayojiwasha upya

*"Fundi, habari za kazi. Tuna mtambo mdogo wa barafu huku Deep Sea, Tanga. Nimeutengenezea bodi ya STM32F103 yenye FreeRTOS. Taski ya usalama, kipaumbele 3, inasoma presha ya kompresa kila milisekunde 50 kupitia ADS1115 na kuitekenya wochidogi ya nusu sekunde. Taski ya modemu, kipaumbele 2, inatuma meseji. Ikikosa jibu inasubiri kwa HAL_Delay(1000) na kujaribu tena, hadi mara tano. Taski ya skrini, kipaumbele 1, inaandika LCD ya mistari minne kila sekunde. ADS1115 na skrini ziko kwenye njia moja ya I2C, nimeilinda kwa semafo ya xSemaphoreCreateBinary. Mara moja au mbili kwa siku bodi inajiwasha upya, hasa mtandao ukisumbua. Nimebadilisha pawa saplai. Nimepandisha usalama hadi kipaumbele 6. Hakuna kilichobadilika. Nimekosea wapi?"*

Pawa saplai ya zamani irudishe tu, nadhani unaionea. Lakini usinikubalie kwa maneno, maana chipu yenyewe inajua kwa nini imewaka upya na inaliandika jambo hilo kwenye rejista yake ya RCC_CSR. Weka mistari hii mwanzo kabisa wa `main`, baada ya `HAL_Init`, kisha thamani ya `sababu` ionyeshe kwenye skrini au itume kwa meseji:

```c
if (__HAL_RCC_GET_FLAG(RCC_FLAG_IWDGRST))      sababu = 1;
else if (__HAL_RCC_GET_FLAG(RCC_FLAG_PORRST))  sababu = 2;
__HAL_RCC_CLEAR_RESET_FLAGS();
```

Ukiona 2, umeme ulianguka kweli, na mimi nitakuomba radhi pamoja na pawa saplai yako. Ukiona 1, wochidogi ndiyo iliyoipiga bodi, maana yake taski ya usalama ilikaa nusu sekunde nzima bila kuitekenya. Kwa maelezo uliyonipa natarajia 1. Usiusahau mstari wa mwisho: alama hizo hazijifuti zenyewe, na usipozifuta utakuja kusoma sababu ya juzi ukadhani ni ya leo.

Sasa swali lenyewe: taski yenye kipaumbele kikubwa kuliko zote imewezaje kukaa nusu sekunde bila kupata prosesa? Jibu fupi ni kwamba haikuwa inasubiri prosesa. Ilikuwa inasubiri semafo, na aliyeishika semafo ndiye aliyenyimwa prosesa. Hali hii ndiyo tunayoiita vipaumbele kupinduka, na bodi yako ina kila kinachohitajika ili itokee: taski ya juu na ya chini zinazogawana kitu kimoja, na ya kati isiyokigusa kitu hicho kabisa.

Hesabu ya skrini ndiyo ya kuanzia, kwa sababu watu wengi huichukulia poa. LCD yako bila shaka inapita kwenye kile kibodi cha nyuma chenye PCF8574, na chipu hiyo mwisho wake ni kilohezi 100. Maktaba za kawaida hutuma baiti nne kwa kila herufi, kwa sababu herufi hukatwa nusu mbili na kila nusu hupigiwa mpigo wa kuwasha na kuzima. Ongeza baiti ya anwani, zinakuwa tano. Kila baiti ni biti tisa ukihesabu na ile ya kukiri kupokea, hivyo herufi moja ni biti 45, yaani mikrosekunde 450. Mstari wa herufi 20, pamoja na amri ya kupeleka kasa, ile alama ya mahali pa kuandikia, pale inapotakiwa, ni karibu milisekunde 9.5. Mistari minne ni kama milisekunde 38. Kwa hiyo katika kila sekunde moja, kwa milisekunde 38, njia ya I2C iko mikononi mwa taski dhaifu kuliko zote ulizonazo.

Kwa siku ya kawaida hilo halina madhara. Taski ya usalama ikiamka katikati ya uandishi, inakuta semafo imeshikwa, inalala, skrini inamaliza, inaiachia, usalama inasoma presha. Imechelewa milisekunde 38 ikiwa mbaya sana, na wochidogi haijashtuka.

Siku ya mtandao mbovu mambo huenda hivi. Tuiite 0 ile saa skrini inapochukua semafo. Kwenye milisekunde ya 10, herufi zinaingia kutoka kwenye modemu, labda ni neno ERROR, katizo la UART linaiamsha taski ya modemu. Modemu ni 2, skrini ni 1, basi FreeRTOS inaiweka skrini pembeni palepale, ikiwa imebakiza milisekunde 28 za kuandika na semafo bado iko mkononi. Modemu inaona hakuna jibu la maana, inaingia `HAL_Delay(1000)`. Kwenye milisekunde ya 20 taski ya usalama inaamka. Ni 3, inampokonya modemu prosesa bila shida, inafika kwenye `xSemaphoreTake`, inakuta semafo imeshikwa. Inalala kusubiri. Prosesa inarudi kwa nani? Skrini iko tayari, modemu iko tayari, na modemu ndiyo kubwa. Inaendelea na `HAL_Delay` yake.

Hapo ndipo fundo lilipo. Usalama inaisubiri skrini, skrini inaisubiri modemu, na modemu haimsubiri mtu, inazunguka tu ikihesabu muda. Inapofika karibu na milisekunde ya 500, wochidogi inapiga. Na hiyo nusu sekunde yenyewe usiitegemee sana: saa ya ndani inayoiendesha wochidogi kwenye F103 imeandikwa kilohezi 40, lakini mtengenezaji anaruhusu iwe popote kati ya 30 na 60, hivyo 500 yako inaweza kuwa 333 au 667 kutegemea chipu iliyokuangukia.

Angalia sasa kwa nini kipaumbele 6 hakikusaidia. Kipaumbele kinaamua kitu kimoja tu: kati ya taski zilizo *tayari* kukimbia, ipi ipewe prosesa. Taski iliyolala ikisubiri semafo haimo kwenye mashindano hayo. Ungeipa 3, 6 au 50, ikishalala imelala, na wanaoshindana ni modemu mwenye 2 na skrini mwenye 1. Ulipandisha namba ya taski ambayo haikuwa na tatizo la namba.

Tena ndiyo maana ukisoma programu yako hulioni kosa. Ukifuatilia njia ya I2C utaona taski mbili tu zinaigusa, zote mbili zinachukua na kurudisha semafo vizuri. Mkosaji wa tatu hayumo kwenye ukurasa huo. Modemu haijui hata kama I2C ipo.

Na kwa nini ni mara moja au mbili tu kwa siku? Kwa sababu modemu lazima iamke ndani ya zile milisekunde 38 za kila sekunde, yaani kama nafasi moja kati ya 26, na iwe imeamka ili kukosa jibu, siyo kupokea OK na kulala tena. Mtandao ukiwa mzuri haikai kwenye prosesa muda wa kudhuru. Ukisumbua, kila meseji iliyoshindikana ni bahati nasibu mpya. Ikiamka nje ya hizo milisekunde 38, utaona skrini imeganda sekunde moja hadi tano halafu inaendelea. Nina hakika umeshaiona hiyo ukadhani ni LCD ya bei rahisi. Ni tatizo lilelile, ila siku hiyo skrini haikuwa imeshika semafo.

Usijione umechekesha. Chombo cha Pathfinder cha NASA kilitua Mars tarehe 4 Julai 1997, na siku chache baadaye kompyuta yake ikaanza kujiwasha upya. Kilikuwa kinaendeshwa na VxWorks. Taski ya kukusanya taarifa za hali ya hewa, ya kipaumbele cha chini, ilikuwa inashika semafo moja na taski ya juu iliyosimamia njia ya mawasiliano ya ndani ya chombo. Katikati zikaingia taski nyingine, zikiwemo za mawasiliano, zenye kazi ndefu na zisizohusika na semafo hiyo. Taski iliyokagua kama kazi ya njia imekamilika kwa wakati ikakuta bado, ikaamuru mfumo mzima uwashwe upya. Wahandisi wa JPL wakairudia hali ile kwenye nakala ya chombo iliyobaki duniani, wakakuta semafo ile ilitengenezwa huku swichi ya kurithi kipaumbele ikiwa imezimwa. Wakatuma mabadiliko kwa redio, swichi ikawashwa, ugonjwa ukaisha. Wewe swichi yako ni rahisi zaidi, hata Mars hutaenda.

Kwenye FreeRTOS, `xSemaphoreCreateBinary` na `xSemaphoreCreateMutex` zinachukuliwa na kurudishwa kwa amri zilezile, ndiyo maana watu huzibadilishana kama soda. Lakini semafo ya baina, yaani ile ya `Binary`, haina mwenyewe. Ni alama tu: ipo au haipo. Mfumo haujui nani ameichukua, kwa hiyo hata ungetaka kumsaidia aliyeishika, hauna jina lake. Imetengenezwa kwa ajili ya kuashiria, mfano katizo kuiambia taski "data imefika". Myuteksi, kinyume chake, inaandika jina la aliyeishika. Na kwa kuwa jina linajulikana, taski kubwa ikija na kuikuta imeshikwa, kabla haijalala mfumo unalinganisha vipaumbele viwili, na kama mwenye myuteksi ni mdogo unampandisha mpaka cha anayesubiri. Akirudisha myuteksi, anashushwa hadi chake cha asili.

Fikiria kibarua mwenye ufunguo pekee wa stoo ya barafu. Bosi kafika mlangoni na lori la samaki, lakini msimamizi anaendelea kumtuma kibarua huku na kule. Kurithi kipaumbele ni kusema kwamba tangu bosi alipofika mlangoni, kibarua huyo hatumwi na msimamizi tena hadi afungue.

Badiliko kwenye programu yako ni hili:

```c
/* zamani */
njiaI2C = xSemaphoreCreateBinary();
xSemaphoreGive(njiaI2C);

/* sasa */
njiaI2C = xSemaphoreCreateMutex();
```

Hakikisha `configUSE_MUTEXES` ni 1 kwenye `FreeRTOSConfig.h`. Ile `xSemaphoreGive` ya mwanzo iondoe, kwa sababu semafo ya baina huzaliwa tupu lakini myuteksi huzaliwa ikiwa huru. Taski ya usalama irudishe kwenye 3, namba 6 haina kazi.

Sasa turudie dakika zilezile. Skrini inachukua myuteksi kwenye 0. Modemu inaamka kwenye 10, inampokonya prosesa, inaingia `HAL_Delay`. Usalama inaamka kwenye 20, inaomba myuteksi, inakuta ni ya skrini. Skrini inapandishwa kutoka 1 hadi 3, usalama inalala. Sasa walio tayari ni modemu mwenye 2 na skrini mwenye 3. Skrini inakimbia, inamaliza milisekunde 28 ilizobakiza, kwenye 48 inarudisha myuteksi na kushuka hadi 1. Usalama inaamka hapohapo, inasoma presha, inaitekenya wochidogi, inalala. Modemu inaendelea pale ilipoachia na upuuzi wake wa kuzunguka. Kuchelewa kwa usalama kumekuwa milisekunde 28, na kwa hali yoyote hakuzidi 38, haijalishi modemu inajaribu mara tano au mara mia.

Ona vizuri kilichopatikana na kisichopatikana. Kungojea hakukuondoka. Kilichobadilika ni kwamba zamani muda wa kungojea uliamuliwa na modemu, kitu usichokidhibiti, kwa sababu kinategemea mtandao. Sasa unaamuliwa na muda ambao skrini inashika myuteksi, kitu ulichokiandika mwenyewe na unachoweza kukihesabu kwa kalamu. Watu watatu, Sha, Rajkumar na Lehoczky, walilithibitisha hilo kihisabati mwaka 1990, na dhamana yao inasimama kwenye sharti moja ambalo ni lako wewe kulitimiza: vipande vinavyolindwa viwe vifupi na muda wake ujulikane.

Kwa hiyo hatua ya pili ni kufupisha hizo milisekunde 38. Hakuna sababu ya skrini kushikilia njia kwa mistari yote minne. Iachie kila baada ya mstari:

```c
for (int m = 0; m < 4; m++) {
    xSemaphoreTake(njiaI2C, portMAX_DELAY);
    andika_mstari(m);
    xSemaphoreGive(njiaI2C);
}
```

Sasa usalama haisubiri zaidi ya mstari mmoja, karibu milisekunde 9.5. Nashauri usikate hadi herufi moja moja, kwa sababu kasa ya LCD hukumbuka mahali ilipo na ni rahisi kuharibu mpangilio siku taski nyingine itakapoanza kuandika skrini. Mstari unatosha. Na ndani ya `andika_mstari` pasiwe na `vTaskDelay` hata moja: taski inayolala kwa hiari huku imeshika myuteksi hairithi chochote cha kuisaidia, maana kipaumbele hakimwamshi aliyejilaza mwenyewe.

Upande wa usalama, usisubiri milele. Weka kikomo, na ukikipita chukulia kwamba hujui presha ni ngapi:

```c
if (xSemaphoreTake(njiaI2C, pdMS_TO_TICKS(25)) != pdTRUE) {
    zima_kompresa();
} else {
    presha = soma_presha();
    xSemaphoreGive(njiaI2C);
}
```

Utaniuliza: je, nisingebadilisha tu `HAL_Delay` kuwa `vTaskDelay` kwenye modemu, yote haya yakaisha? Swali zuri, na jibu la kweli ni kwamba bodi ingeacha kujiwasha upya, pengine kabisa. `HAL_Delay` inazunguka ikila prosesa. `vTaskDelay` inalaza taski, na modemu ikilala skrini inapata nafasi ya kumaliza. Badilisha, ni lazima ubadilishe, angalau skrini iache kuganda. Lakini usiishie hapo. Kesho utaongeza taski ya kuhesabu wastani wa halijoto, au ya kuandika kwenye kadi ya kumbukumbu, uipe 2, na mlango ulioachwa wazi utapitiwa na mwingine. `vTaskDelay` inamwondoa mkosaji huyu mmoja. Myuteksi inafunga mlango.

Kuna njia nyingine ambazo utazikuta watu wanazisifu. Ya kwanza ni kuzima makatizo kwa `taskENTER_CRITICAL` wakati skrini inaandika. Kwako hiyo ni hasara tupu. Modemu ikiongea kwa 9600, baiti moja inaingia karibu kila milisekunde moja, na UART ya F103 ina nafasi ya kuhifadhi baiti moja tu, na zinazokuja kabla hiyo haijasomwa hupotea. Zima makatizo milisekunde 9.5 na umepoteza herufi nane au tisa za jibu la modemu. Ukazime 38, hutapata jibu lolote la maana. Tena `HAL` huhesabu vikomo vyake vya muda kwa katizo la saa, na saa nayo umeisimamisha. Ya pili ni `vTaskSuspendAll`, ambayo inaacha makatizo lakini inazuia kubadilisha taski. Inafanya kazi, ila inaizuia usalama hata pale isipohitaji I2C, jambo ambalo myuteksi haifanyi.

Ya tatu naiheshimu: kuwa na taski moja tu inayoigusa I2C, na nyingine zote zinaipelekea maombi kwa foleni. Hakuna wa kushindana naye, hakuna cha kupinduka kwenye njia yenyewe. Ungekuwa na vifaa sita kwenye njia hiyo ningekuelekeza huko. Kwa viwili, ni kazi kubwa kwa faida ndogo, na bado ungepaswa kuhakikisha ombi la presha haliketi nyuma ya mistari minne ya skrini kwenye foleni.

Mipaka ya myuteksi ya FreeRTOS uijue kabla hujaizoea. Taski iliyoichukua ndiyo inayopaswa kuirudisha. Usiichukue kwenye taski moja ukairudisha kwenye nyingine. Ndani ya katizo haitumiki kabisa, kwa kuwa katizo si taski, halina kipaumbele cha kurithisha na haliwezi kulala likisubiri. Kwa kuashiria kutoka kwenye katizo la UART kwenda kwa modemu endelea na semafo ya baina, hapo ndipo kwake. La mwisho litakuhusu siku utakayoongeza myuteksi ya pili: FreeRTOS imerahisisha urithi, hivyo taski ikiwa imeshika myuteksi mbili haishushwi hadi irudishe zote, hata kama ile iliyosababisha ipandishwe imesharudi. Taski ya skrini inaweza kubaki kwenye 3 muda mrefu kuliko ulivyodhani. Shika moja kwa wakati mmoja na hutakutana na hilo.

Baada ya kubadilisha, usikae siku tatu ukisubiri kuona kama itajiwasha. Kosa la nafasi moja kati ya 26 linataka lichokozwe. Toa laini ya simu kwenye modemu ili kila meseji ishindikane (usichomoe antena, modemu ikirusha bila antena inaweza kujiunguza), punguza muda wa skrini kutoka sekunde moja hadi milisekunde 100, na uache kwanza semafo ya zamani, `HAL_Delay` na kusubiri bila kikomo kama vilivyokuwa. Skrini sasa inashika njia zaidi ya theluthi moja ya muda, kwa hiyo bodi inatakiwa ianguke ndani ya majaribio machache ya meseji. Ikianguka na `sababu` ikawa 1, umelikamata. Ndipo uweke myuteksi, urudie hali ileile bila kubadilisha kingine chochote, na iache usiku kucha.

Chukua pia pini moja iliyo huru. Ipandishe kabla ya `xSemaphoreTake` ya taski ya usalama, ishushe mara inapoipata, na uiangalie kwa osiloskopu au kile kichunguzi cha mawimbi cha chaneli nane cha bei nafuu. Kwa semafo ya zamani utaona mipigo mifupi, halafu mmoja mrefu unaoishia pale bodi inapokufa. Kwa myuteksi pamoja na skrini iliyokatwa kwa mistari, hakuna mpigo unaopaswa kuzidi milisekunde 10 na ushei. Ukitaka kuuona urithi wenyewe, kwenye taski ya skrini soma `uxTaskPriorityGet(NULL)` mara moja kabla ya `xSemaphoreGive` na utunze namba kubwa uliyoiona. Ikiwa haijafika 3 baada ya usiku mzima wa kuchokoza, basi bado unatumia semafo ya baina mahali fulani, au taski mbili hazitumii myuteksi moja.

Kuna jambo moja ambalo halitibiki kwa programu, na kwa hilo nataka umwite fundi wa majokofu aje mtambuni, siyo kwa simu. Mwambie akuonyeshe swichi ya presha ya juu ya kompresa na waya zake. Lazima iwe inakata umeme wa koili ya kontakta moja kwa moja, bila kupita kwenye bodi yako. Kama waya wake unaishia kwenye pini ya STM32 ili programu iamue, simamisha mtambo hadi arekebishe, kwa sababu kipindi chote hiki bodi ilipokuwa inakwama nusu sekunde, hakukuwa na mtu mlangoni. Muulize pia kompresa imepigwa mara ngapi na hizo washa-zima za ghafla. Kila bodi ilipojiwasha, kontakta iliachia na kushika tena presha ikiwa bado juu, na kompresa haipendi kuanza hivyo. Kwenye programu weka subira ya dakika tatu hadi tano baada ya kila kuwaka kabla ya kuiruhusu kompresa. Muda kamili akupe yeye, anaijua mashine yako.

Ukimaliza kupima, nitumie mpigo mrefu kuliko yote ulioupata kwenye ile pini, pamoja na `andika_mstari` yako. Ukizidi milisekunde 12, nitaanza kuitilia shaka maktaba ya LCD, zipo zinazoweka `HAL_Delay` ndani ya kila amri.